"Kinga ilikuwepo": namna ya kujua kama kinga ya presi inatosha

Ajali ya presi ikitokea, mabishano huwa yaleyale. Msimamizi anasema mashine ilikuwa na kinga. Aliyeumia anasema kinga haikumsaidia. Wanaosikiliza huamua kwamba mmoja wao anadanganya, na mara nyingi mzigo wa uzembe humwangukia yule aliyebaki na vidole pungufu. Ila wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Kinga ilikuwepo, imefungwa mahali pake, imepakwa rangi ya njano, na haikutosha. Kuwepo ni jambo moja na kutosha ni jingine, na hilo la pili halionekani kwa macho matupu. Hupimwa kwa rula na kwa saa.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine yenyewe. Presi ninayoizungumzia hapa ni ile inayokata, kutoboa au kukunja bati kwa pigo moja. Ina kalibu mbili, ambazo mafundi wengi huziita dai: ya chini imefungwa mezani, ya juu imefungwa kwenye kichwa kinachopanda na kushuka. Kichwa husukumwa na krankshafti, nayo krankshafti hupata nguvu kutoka kwa flaiwili, lile gurudumu zito ubavuni ambalo huzunguka muda wote mota ikiwa inafanya kazi. Kati ya flaiwili na krankshafti kuna klachi. Ukitoa amri, klachi inashika, kichwa kinashuka, kinapiga, kinapanda. Hatari iko katika ule mwanya ulio kati ya kalibu ya juu na ya chini, na kama mwanya huo haufunguki zaidi ya milimita 6 hivi, kidole hakiingii na hatuna haja ya kuendelea. Shida ni kwamba kazi nyingi zinadai mwanya mkubwa zaidi ya hapo, kwa sababu bati lazima liingie na kipande kilichokwisha kitoke.

Ukuta na mlinzi

Vitu vyote vinavyoitwa kinga vinagawanyika katika makundi mawili, na kuyachanganya ndiko kunakozaa nusu ya mabishano. Kundi la kwanza ni la ukuta. Ni kizuizi cha chuma, wavu au plastiki ngumu ambacho mkono hauwezi kukipita. Ukuta hauhitaji kukuona wala kujua uko wapi. Unachotakiwa kuwa nao ni kimo, matundu madogo, na bolti zilizokaza.

Kundi la pili ni la mlinzi wa lango. Hapa njia iko wazi, mkono unaweza kupita, lakini kuna kifaa kinachotambua na kuamuru mashine isimame, au kinachokataa kuianzisha hadi mikono iwe mahali fulani. Pazia la mwanga, yaani safu ya miale inayotambua mkono ukiikatiza, ni la kundi hili, na vitufe vya mikono miwili pia. Mlinzi wa lango ana masharti ambayo ukuta hauna: lazima aone kwa wakati, lazima amri yake isikilizwe, na lazima kuwe na nafasi ya kutosha kati ya lango na nyumba ili mgeni asifike mlangoni kabla hajakamatwa. Umbali huo ndio kiini cha makala haya, na ndio unaosahauliwa kila mara.

Katikati ya makundi haya kuna mlango wenye swichi, yaani ukuta unaofunguka ambao una mlinzi wake. Swichi hiyo, pamoja na nyaya zinazoiunganisha na mashine, ndiyo inayoitwa intaloki. Kazi yake ni kuhakikisha mambo mawili: mlango ukiwa wazi presi isipige, na ukifunguliwa wakati presi inashuka, isimame kabla mkono haujafika.

Ukuta wenye tundu

Kinga isiyofunguka, ile iliyofungwa kwa bolti, ndiyo bora kuliko zote pale ambapo kazi inairuhusu, kwa mfano bati likiingizwa kama utepe kutoka upande mmoja na kutoka upande wa pili. Haina umeme wa kuharibika. Udhaifu wake ni lile tundu la kuingizia bati.

Swali la kuuliza mbele ya tundu lina sehemu mbili: lina upana gani, na liko mbali kiasi gani na kalibu? Kiwango cha kimataifa cha ISO 13857 kinatoa jedwali la jambo hili. Kwa tundu refu kama mfereji lenye upana usiozidi milimita 6, kalibu inaweza kuwa karibu sana, milimita 10 tu nyuma yake, maana ncha ya kidole haiendi mbali. Mfereji ukifika milimita 12, umbali unaotakiwa ni milimita 100. Ukifika 20, ni milimita 120. Kisha unakuja mruko ambao watu wengi hawautarajii: mfereji ukizidi milimita 20, umbali unaruka hadi milimita 850. Si kosa la uchapaji. Hadi milimita 20, ni vidole tu vinavyopita na shina la kidole gumba hukwama. Ukizidi hapo, kiganja kilicholazwa hupenya, na kiganja kikishapita, mkono unafuata hadi begani.

Sasa fikiria presi inayokata bati la milimita 3, na kinga yake ina mfereji wa milimita 10 ulio milimita 90 kutoka kwa kalibu. Kwa upana huo jedwali linadai milimita 80, kwa hiyo iko sawa. Kisha linakuja bati lililopinda, linakwaruza ukingo, na mtu anachukua grainda kupanua mfereji hadi milimita 22 ili kazi iende. Kwa mtazamaji, kinga ni ileile, na hata rangi haijachubuka. Kwa jedwali, ilitoka kwenye kutosha ikaingia kwenye kutofaa kabisa, kwa sababu kalibu iko milimita 90 na sasa inatakiwa iwe milimita 850.

Ukitaka kupima, usitumie mkono wako, hata kama umeambiwa umeme umekatwa. Flaiwili huendelea kuzunguka kwa muda baada ya mota kuzimwa, na nguvu iliyomo inatosha kupiga pigo zima. Subiri isimame kabisa, weka nguzo ya kuzuia kichwa kisishuke, kisha tumia rula na kijiti chenye unene wa kidole.

Taa ya friji

Njia rahisi ya kuielewa intaloki ni kufungua friji. Pembeni kuna kitufe kidogo. Mlango ukifungwa unakibonyeza na taa inazimika. Ukifunguliwa, springi inakisukuma nje na taa inawaka. Kila mtoto amewahi kukibonyeza kwa kidole ili aone taa ikizimika huku mlango uko wazi. Ameidanganya friji kwamba mlango umefungwa.

Swichi ya kinga ya presi ikifungwa kwa namna hiyohiyo, yaani mlango uliofungwa ndio unaoibonyeza, ina makosa mawili. La kwanza ni lile la mtoto: kipande cha tepu au kijiti kinatosha kuibonyeza siku nzima. La pili ni baya zaidi kwa sababu halihitaji mkosaji. Mlango ukifunguliwa, anayetenganisha kontakti za ndani ni springi peke yake. Springi ikivunjika, au kontakti zikiungana kwa cheche za umeme, mlango uko wazi na mashine inaamini umefungwa.

Njia sahihi ni kuigeuza. Mlango unapofunguka, chuma kilichofungwa kwenye bawaba yake ndicho kinachosukuma swichi na kuzing'oa kontakti kwa nguvu, hata kama zilikuwa zimeungana. Hakuna springi inayotegemewa. Tepu pia haisaidii, kwa sababu mlango wenyewe ndio unaobonyeza. Kwa presi, swichi moja haitoshi hata hivyo. Huwekwa mbili, kila moja na nyaya zake, na rilei maalumu inayolinganisha habari za hizo mbili. Zikitofautiana, presi haianzi hadi fundi aje atazame.

Kuna aina nyingine za swichi, na kila moja hudanganywa kwa njia yake. Ile ya ulimi, ambamo kipande cha chuma kilichofungwa mlangoni huingia katika tundu la swichi kama ufunguo, hushindwa pale ambapo mtu ana ulimi wa akiba mfukoni. Ile ya sumaku ya kawaida hushindwa na sumaku yoyote. Zile zenye kitambulisho cha pekee, ambazo swichi hukubali kipande chake kimoja tu, ni ngumu zaidi kuzidanganya, lakini mtu mwenye bisibisi anaweza kukitoa kipande hicho mlangoni na kukining'iniza mahali pake. Ndiyo maana hufungwa kwa skrubu zisizofunguka kwa bisibisi ya kawaida, au kwa riveti.

Ukikuta intaloki imefungwa kwa tepu, kabla hujamfokea mtu muulize ni nini kilichomchosha. Mara nyingi utasikia kwamba mlango ni mzito, au unaziba macho asione bati limekaa vipi, au kila akiufungua presi inamlazimisha kuanza mzunguko mpya kwa dakika kadhaa. Intaloki ya mlango wa namna hiyo itafungwa kwa tepu tena kesho, hata asimame nani hapo.

Jambo la mwisho kuhusu intaloki ni dhana kwamba ikikata umeme wa mota basi imemaliza kazi. Kwa presi yenye flaiwili, kukata mota ni sawa na kutoa mguu kwenye mafuta ya lori lililokwisha kushika kasi mteremkoni. Intaloki lazima iachie klachi na kushika breki. Na kama presi haiwezi kusimama katikati ya pigo, swichi ya kawaida haina maana, kwa sababu itatangaza kwamba mlango umefunguliwa huku kichwa kinaendelea kushuka. Hapo mlango wenyewe lazima ufungwe kwa kufuli linalokataa kufunguka hadi pigo liishe.

Vitufe viwili

Hapa ndipo pana imani nyingi kuliko ujuzi. Watu wanaona vitufe viwili mbele ya presi, wanaona mikono yote miwili ya mfanyakazi imeshughulika, na wanaridhika. Hoja yao inaonekana haina tundu: mikono ikiwa kwenye vitufe, haiwezi kuwa kwenye kalibu.

Ni kweli, lakini kwa sekunde ile tu ya kubonyeza. Swali ni nini kinatokea mfanyakazi akiona bati limeteleza, akaachia kitufe kimoja na kurusha mkono kulisahihisha huku kichwa kiko njiani. Hilo si jambo la wazembe. Mkono hufanya hivyo kabla kichwa cha mtu hakijaamua. Mkono wa binadamu unapokimbilia kitu, wanaotunga viwango huukadiria kwenda mita 1.6 kwa sekunde. Presi ikihitaji sehemu ya tano ya sekunde kusimama, mkono utakuwa umesafiri milimita 320. Kama vitufe viko milimita 250 kutoka kwa kalibu, mkono umefika na kichwa bado kinashuka.

Kabla ya hesabu, vitufe vyenyewe vina masharti. Lazima vibonyezwe karibu pamoja, ndani ya nusu sekunde; kimoja kikichelewa zaidi, presi inakataa. Lazima vyote viwili viachiwe kabla ya pigo jipya. Sharti hili la pili ndilo linaloua ujanja wa kufunga kitufe kimoja kwa mpira au kukiegemezea jiwe, kwa sababu kitufe ambacho hakiachiwi kamwe kinaifanya presi igome baada ya pigo la kwanza. Nimewahi kuona presi yenye kitufe kimoja kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu na inaendelea kupiga kama kawaida. Mpira ule ulimshuhudia aliyeufunga, lakini ulishuhudia zaidi kwamba rilei yake haikuwa ya vitufe viwili hata kidogo. Nyaya zilikuwa zimeunganishwa mfululizo tu, kama swichi mbili za taa.

Halafu kuna nafasi kati ya kitufe na kitufe. Vikikaribiana chini ya milimita 260, kiganja kimoja kilichotanuliwa kinaweza kubonyeza vyote kwa kidole gumba na kidole cha mwisho. Vikiwa chini ya milimita 550, mtu anaweza kutumia kiganja na kiwiko cha mkono uleule. Ama vitenganishwe, ama viwekewe vibanda na ukuta wa katikati vinavyozuia hila hizo, zikiwemo za goti na tumbo.

Kuna pia jambo ambalo vitufe haviwezi kulitatua, hata vikiwa vya ghali namna gani: vinamlinda anayebonyeza peke yake. Msaidizi anayesimama upande wa pili kupokea vipande hana kinga yoyote. Ama apewe vitufe vyake viwili, na presi isubiri mikono minne, ama upande wake uzibwe kwa ukuta.

Sasa hesabu

Fomula ya umbali ni fupi:

S = K × T + C

S ni umbali wa chini kabisa unaotakiwa kati ya vitufe na kalibu, kwa milimita. K ni mwendo wa mkono, milimita 1600 kwa sekunde. T ni muda wote kuanzia kitufe kinapoachiwa hadi kichwa kinaposimama kabisa. C ni nyongeza, na kwa vitufe viwili toleo la 2010 la kiwango cha ISO 13855 linaiweka kuwa milimita 250, kwa sababu kiganja kinaweza kusogea mbele kabla kitufe hakijajua kimeachiwa. Kama vitufe vimefunikwa kwa vibanda vinavyozuia mkono kusogea mbele namna hiyo, nyongeza inaweza kuwa sifuri, ilimradi umbali wenyewe usipungue milimita 100.

Tuchukue presi yenye klachi ya msuguano, aina inayoweza kuachia na kusimama popote katika mzunguko. Vitufe vyake viko milimita 400 kutoka kwa kalibu, na havina vibanda. Fundi anakuja na kipimo cha muda wa kusimama, anakifunga kwenye kichwa, na anatoa amri ya kusimama kichwa kinapokuwa katikati ya safari ya kushuka, mahali ambapo kasi ni kubwa. Anarudia angalau mara 10, na anashikilia muda mrefu kuliko yote, si wastani, kwa sababu mkono utakaokatwa hautakatwa na wastani. Anapata sekunde 0.18. Humo mna ucheleweshaji wa rilei na vali pamoja na muda wa breki yenyewe.

S = 1600 × 0.18 + 250 = 538

Inatakiwa milimita 538, zipo 400. Vitufe hivi viwili, vinavyofanya kazi vizuri, vyenye rilei nzuri, havitoshi. Kuna njia mbili za haraka. Ya kwanza ni kuvirudisha nyuma, tuseme hadi milimita 600, na kuvifunga kwa bolti ili visisogezwe. Ninasisitiza bolti kwa sababu vitufe vilivyo juu ya stendi yenye magurudumu havina umbali. Vina umbali wa leo asubuhi tu. Ya pili ni kuviwekea vibanda, na hesabu inakuwa 1600 × 0.18, yaani milimita 288. Zile 400 zinatosha sasa, na zinabaki.

Pazia la mwanga hufuata mantiki hiyohiyo kwa namba tofauti kidogo. Kwa umbali usiozidi milimita 500 mwendo wa mkono huchukuliwa kuwa milimita 2000 kwa sekunde, na nyongeza hutegemea pazia linaweza kutambua kitu chembamba kiasi gani. Pazia linalotambua milimita 14 halina nyongeza, hivyo kwa presi yetu linatakiwa kukaa milimita 360 mbele ya kalibu. La milimita 30 linaongezewa 128, jumla 488. Anayelisogeza karibu ili mfanyakazi asiinyooshe sana mikono ameligeuza kuwa taa ya mapambo.

Presi isiyojua kusimama

Hesabu iliyo juu ina sharti moja kubwa: presi iwe inaweza kusimama katikati ya njia. Presi nyingi za zamani haziwezi. Klachi yake ni ya pini: pini inaruka na kuingia katika tundu la flaiwili, na ikishaingia, mzunguko mzima lazima ukamilike. Ukiachia vitufe, ukipiga kelele, ukizima umeme, kichwa kitashuka na kupanda. Kwa presi hii pazia la mwanga ni kazi bure, kwa kuwa mlinzi anaona lakini hana wa kumwamuru. Vitufe viwili vinabaki kuwa na kazi ya kuanzisha tu, na usalama wote unategemea kwamba kichwa kitafika chini kabla mkono haujafika.

Kwa hiyo T haiwi tena muda wa kusimama, bali muda mrefu kabisa ambao kichwa kinaweza kuchukua kufika chini tangu kitufe kibonyezwe. Pini inaweza kulazimika kungoja tundu lipite, kisha krankshafti igeuke nusu mzunguko. Kanuni ya Marekani ya presi za mitambo, 1910.217, huiandika hivi:

T = (1/2 + 1/N) × muda wa mzunguko mmoja

N ni idadi ya matundu ambayo pini inaweza kushika katika mzunguko. Presi yenye mizunguko 90 kwa dakika humaliza mmoja kwa sekunde 0.667. Ikiwa na tundu moja, T ni mara 1.5 ya hiyo, yaani sekunde 1, na vitufe vinatakiwa kuwa mita 1.6 kutoka kwa kalibu. Ikiwa na matundu manne, T inashuka hadi nusu sekunde, na umbali hadi mita 0.8.

Ukizitazama namba hizi utaona jambo linalopingana na kile ambacho karibu kila mtu huniambia, kwamba "hii inaenda polepole, haina shida." Punguza mwendo wa presi hiyo yenye tundu moja hadi mizunguko 45, na umbali unakuwa mita 3.2. Kadiri kichwa kinavyochukua muda kushuka, ndivyo mkono unavyopata nafasi ya kukiwahi. Hakuna mtu atakayebonyeza vitufe vilivyo mita 3 kutoka kwa kazi yake, akatembea kuweka bati, akarudi kubonyeza. Baada ya wiki moja vitufe vitasogezwa. Kwa presi ya namna hii, jibu la kweli ni ukuta: kinga ya bolti yenye tundu dogo, au lango linalojifunga kabla pini haijaruka na kubaki limefungwa hadi kichwa kirudi juu. Nani anayeendesha, na kwa uzoefu wa miaka mingapi, haviingii popote katika fomula.

Namba iliyoandikwa ubavuni

Turudi kwa presi yetu ya klachi ya msuguano, iliyowekewa vibanda, vitufe vikiwa milimita 400. Tumesema inatosha kwa sababu inahitaji 288. Geuza hesabu: kwa milimita 400, breki inaruhusiwa kuchukua muda gani? Gawanya 400 kwa 1600 na unapata sekunde 0.25. Hicho ndicho kikomo cha kinga hii. Pedi za breki zinachakaa, mafuta yanaingia mahali yasipotakiwa, springi zinalegea, na muda unapanda kutoka 0.18 hadi 0.20, hadi 0.23, bila mfanyakazi kuhisi chochote, kwa kuwa tofauti hizo ni ndogo kuliko kupepesa jicho.

Mabadiliko mengine mawili huila nafasi hiyo kwa siku moja. Kalibu ya juu iliyo nzito zaidi inaipa breki mzigo mkubwa, na muda wa kusimama unarefuka. Kalibu pana inayochomoza mbele ya meza inausogeza mwanya wa hatari karibu na vitufe, maana umbali hupimwa kutoka kitufe hadi sehemu ya hatari iliyo karibu zaidi, si hadi katikati ya meza. Tuseme kalibu mpya imechomoza milimita 60 na muda umepanda hadi sekunde 0.22. Umbali uliopo sasa ni 340. Unaotakiwa ni 352. Hakuna aliyegusa kinga, na imeacha kutosha.

Baadhi ya presi zina kifaa kinachopima kila pigo kichwa kilisimama wapi, na kugoma kikivuka alama. Isiyo nacho hupimwa kwa kipimo cha kufunga kwa vipindi vilivyopangwa, na tena kila breki inapofunguliwa au kalibu nzito inapofungwa. Kwa ile yetu, fundi aliandika kwa rangi ubavuni, karibu na flaiwili: umbali 400, kikomo 0.25, na chini yake tarehe na muda aliopata. Safu ya kwanza ilisomeka 0.18. Aliacha nafasi ya safu nyingine chini yake.